Bwana'ngu ni hamali, anakunywa maji ya chumvi na presha inapanda

*Shangazi, assalamu alaykum. Mume wangu ana miaka 47, ni hamali bandarini Malindi. Kabla ya Ramadhani alipimwa presha, ikawa 152 kwa 94. Akapewa vidonge viwili, kimoja ni cha kukojoza, akaambiwa apunguze chumvi. Wenzake wakamwambia hayo ni ya watu wanaokaa kwenye feni, hamali akipunguza chumvi ataanguka na gunia. Na kweli fulana yake ikikauka huwa na mistari myeupe, na usiku misuli ya miguu humkaza mpaka anapiga kelele. Basi sasa kila siku anatia kijiko cha chai cha chumvi ndani ya chupa ya maji ya lita 1.5, na chupa hizo anamaliza mbili. Juzi kapimwa tena, 164 kwa 100. Anasema dawa hazimfai. Mimi napika chungu kimoja, tuko watu sita, na pakiti ya nusu kilo ya chumvi inakaa siku 10. Nipike bila chumvi, au wenzake wana haki?*

*Mke wa Hamali, Mjini Unguja*

Waalaykum salaam, mwanangu. Zile chupa mbili ziondoke leo hii. Maji abebe, tena mengi, lakini yawe maji matupu. Ila jikoni usiende ukaitupa chumvi yote, kwa sababu wale wenzake wana nusu ya haki. Hamali kweli hupoteza chumvi kuliko karani. Walichokosa ni hesabu: hawajui ni kiasi gani kinatoka, na hawajui kiasi gani kimeshaingia kabla mtu hajaifungua hiyo chupa. Hesabu yenyewe haina ugumu, na nyote wawili mnaweza kuifanya.

Tuanze na kinachotoka. Siku moja, kabla hajabeba mzigo wa kwanza, aende haja kisha apande kwenye mizani akiwa na nguo chache. Bandarini mizani ya magunia haikosekani; ile ya kidijitali ndiyo inayofaa, maana hapa tunatafuta tofauti ndogo. Afanye kazi yake kama kawaida, aweke hesabu ya maji anayokunywa, na kabla ya chakula cha mchana ajifute jasho apande tena. Tuseme saa 1 asubuhi alikuwa kilo 74, na saa 6 mchana ni kilo 73.2, na katikati amekunywa lita 3 bila kwenda kukojoa. Mwili umepungua gramu 800, na lita 3 zilizoingia nazo hazipo. Jasho lake basi ni lita 3.8 kwa saa tano. Akirudi mchana akafanya saa mbili nyingine nyepesi, kwa siku nzima tunaweza kusema lita 5. Kwa kazi ya mizigo kwenye joto na unyevunyevu wa Unguja, hicho si kiwango cha ajabu.

Sasa chumvi iliyomo ndani ya jasho hilo. Hapa watu hutofautiana sana. Kwa wengi, lita moja ya jasho hubeba chumvi gramu 1 hadi 3, na wako wachache wanaozidi hapo. Mtu aliyekwisha kuzoea joto huwa upande wa chini, kwa sababu nitakazoeleza. Mumeo amezoea joto, lakini vilevile anakula chumvi nyingi, na hilo humpandisha. Tumpe gramu 2 kwa lita. Kwa lita 5 za jasho amepoteza gramu 10 za chumvi.

Gramu 10 si kidogo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ambacho ndani yake mna gramu 2 za sodiamu. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayogusa presha, nayo ni kama mafungu mawili kati ya matano ya uzito wake. Kiwango hicho kimewekwa kwa watu kwa jumla, si kwa mtu anayemwaga lita 5 za jasho kila siku. Kwa hiyo yule anayesema hamali na karani wasipimwe kwa kijiko kimoja hajakosea. Shika hapo, sasa tuangalie kinachoingia.

Pakiti yako ni gramu 500, siku 10, watu sita. Gawa, utapata kiasi cha gramu 8 kwa kila mtu kwa siku. Ni makisio, maana chumvi nyingine humwagwa na maji ya kuchemshia mihogo au hubaki kwenye sufuria, lakini ni makisio mazuri kuliko kuuliza watu wanakula chumvi kiasi gani, kwani kila mtu hujibu kidogo tu. Sasa hamali hali sawa na mtoto wa skuli. Sahani yake ni kubwa na huongeza tena, kwa hiyo chumvi ya chungu kile kile humwendea zaidi yeye. Kati ya hizo gramu 50 za nyumba kwa siku, si ajabu yeye peke yake akachukua 11. Ongeza boflo la asubuhi, kachori na achari ya pembeni, supu ya bandarini, na hapo kuna gramu nyingine 2 bila shida. Tumefika 13, na bado hatujagusa chupa.

Umeona? Chakula chake cha kila siku kilikuwa kinalipa jasho lake lote na bado kinabakisha. Hakuna aliyemtilia chumvi kwa makusudi. Imekuja na wali, mchuzi na samaki, kwa sababu mtu anayefanya kazi nzito anakula sana, na anayekula sana anakula chumvi sana. Ndiyo maana wachukuzi, wavuvi na wachuma karafuu hawakuwa wakianguka ovyo zamani, kabla ya mtu yeyote kutia chumvi kwenye chupa.

Sasa leta chupa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 6 za chumvi. Vijiko viwili ni gramu 12. Jumla yake kwa siku ni 25, na jasho limeondoa 10. Zile 15 zilizobaki hazina pa kutokea ila kwenye figo, na figo zake ndizo tayari zina shida ya kuitoa chumvi. Hilo ni moja ya mambo yanayopandisha presha ya watu wengi. Chumvi isipotoka, hushika maji mwilini, damu inaongezeka wingi ndani ya mishipa, na mwili unalazimika kuongeza msukumo ili figo ziisukume nje. Msukumo huo ndio unaoonekana kwenye mashine.

Hapo pia tumepata jibu la dawa zinazodaiwa hazimfai. Kile kidonge cha kukojoza kazi yake ni kuitoa chumvi na maji kupitia mkojo. Asubuhi anakimeza, saa 2 anafungua chupa ya chumvi. Ni sawa na kuchota maji kwenye ngalawa huku mwenzako anatoboa chini. Kabla daktari hajaongeza kidonge cha tatu, lazima ajue habari ya chupa hizi. Nenda naye, mwanangu, umwambie wewe mwenyewe, kwa sababu wanaume wengi wakiulizwa kliniki kama wamepunguza chumvi hujibu ndiyo, wakiwa na maana kwamba hawaongezi mezani.

Lile la mistari myeupe kwenye fulana ndilo ushahidi mkubwa wa wenzake, na linastahili kujibiwa vizuri. Mistari ile ni chumvi kweli. Inaonyesha chumvi imetoka, lakini haionyeshi kwamba ndani imepungua. Tezi za jasho zina tabia ambayo watu wengi hawaijui: jasho linapotengenezwa ndani huwa na chumvi nyingi, kisha linapopita kwenye mrija kuelekea kwenye ngozi, mwili huirudisha sehemu ya chumvi hiyo. Anayeamuru irudishwe kiasi gani ni homoni inayoitwa aldosteroni. Chumvi ikiwa chache mwilini, homoni hiyo hupanda, na jasho linakuwa jepesi na mkojo vilevile. Chumvi ikiwa nyingi, homoni hushuka na mwili huiachia ipite. Kwa hiyo mtu anayekunywa maji ya chumvi ndiye ambaye fulana yake itakuwa nyeupe zaidi, kisha ataonyesha weupe huo kuwa ndiyo sababu ya kunywa tena. Akiacha, ndani ya wiki moja au mbili ataona mistari imepungua, na jasho lenyewe halijapungua hata tone.

Uwezo huo wa mwili ni mkubwa sana. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Marekani, Jerome Conn, alifuatilia watu wakifanya kazi kwenye joto na unyevunyevu huku wakila chumvi kidogo, akakuta baada ya siku chache jasho lao limepungua chumvi mpaka miili yao ikakaa sawa, ingawa walikuwa wakitoka jasho lita nyingi kila siku. Na uko utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 1988, uitwao Intersalt, ambao uliwapima pia Wayanomami wa misitu ya Amazon. Watu hao wanaishi kwenye joto, wanawinda na kulima, na hawatii chumvi kwenye chakula chao hata kidogo. Presha zao kwa wastani zilikuwa kama 96 kwa 61, na hazikupanda kwa umri. Sikwambii mkaishi hivyo. Nakwambia tu kwamba mtu anayetoka jasho haanguki kwa sababu ya kukosa kijiko cha ziada.

Uzoefu huo wa joto hauji siku moja. Unachukua kama siku 7 hadi 14 za kazi ya joto, na ukikaa pembeni wiki kadhaa unapungua. Hamali mgeni katika wiki yake ya kwanza, au aliyelala na homa kwa muda akarudi kwenye magunia, jasho lake huwa na chumvi zaidi, na huyo asianze na mizigo ya siku nzima.

Nije kwenye misuli, kwa sababu maumivu yale ya usiku ndiyo yanayomfanya mtu aamini chochote. Kukaza kwa misuli kunakotokana na chumvi kupo. Madaktari walikuona kwa wachimba makaa wa Uingereza katika miaka ya 1920, watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashimo ya joto kali, wakimwaga jasho na kunywa maji matupu kwa wingi, na walipotiliwa chumvi kidogo kwenye maji walipata nafuu. Watu wengi wanaosema chumvi huzuia kukaza misuli wanarithi habari hiyo bila kujua inatoka wapi. Lakini kukaza kwa namna ile huja kazini au muda mfupi baada ya kazi, huzunguka kwenye misuli mbalimbali, tumbo, mikono, mapaja, na huja kwa mtu ambaye chumvi yake imepungua kweli. Mumeo anaingiza gramu 25. Tena bado anakazwa akiwa kwenye chupa za chumvi, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba dawa siyo hiyo.

Kukaza kwa mashavu ya miguu usiku, kwa mtu aliyepanda ngazi za meli na mgongo umejaa, mara nyingi ni uchovu wa misuli yenyewe. Ikimkaza, anyooshe goti, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, ashikilie nusu dakika mpaka iachie. Kabla ya kulala asimame mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma na kisigino kimekanyaga chini, ajivute taratibu, kila mguu mara chache. Jambo jingine la kumuuliza daktari ni kile kidonge cha kukojoza, maana vingi vya aina hiyo hupunguza potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hulalamika. Hilo linapimwa kwa damu. Usilikisie nyumbani.

Sasa chungu chako. Hapa nitakushangaza kidogo: wanaohitaji kupunguziwa chumvi zaidi ni wewe na watoto. Nyinyi mnakula kama gramu 8 na hamtoki lita 5 za jasho. Kwa kuwa chungu ni kimoja, kipunguze chungu, na sahani kubwa ya baba itampa yeye sehemu yake bila kijiko cha ziada. Lengo lako liwe pakiti ile ile ya nusu kilo ikae siku 16. Hapo wastani wa nyumba unashuka mpaka gramu 5 hivi. Yeye kwa ulaji wake atapata kama 7 nyumbani, na zile 2 za nje, jumla 9. Na jasho lake kwa wakati huo litakuwa limeshapungua chumvi, pengine gramu 6 kwa siku ile ile ya lita 5. Bado ana akiba.

Usifike huko kwa siku moja. Pakiti ya kwanza iende siku 12, inayofuata 14, kisha 16. Ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea, na ukipunguza ghafla watakurudishia sahani. Andika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu siku unayoifungua, basi. Kupima huku kwa tarehe ni kwa uhakika kuliko kuonja, maana ulimi wa mpishi umezoea chumvi kama wa mlaji. Chukua yenye madini joto, na uifunike vizuri isipate hewa na jua. Chumvi ikiwa kidogo, hiyo kidogo iwe ndiyo yenye faida, rovu lisije likaingia nyumbani.

Pa kupunguzia si kwenye wali tu. Ng'onda na papa mkavu uloweke usiku kucha, maji uyabadilishe, kisha uuchemshe na maji hayo ya kwanza uyamwage kabla ya kuunga. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waoshe kwa maji ya moto mara mbili, na mchuzi wao usiutie chumvi mpaka umeuonja. Vile vipande vya mraba vya kutilia ladha mchuzi, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa ni chumvi. Ukitumia kipande, chumvi ya mkono iache. Ndimu, ukwaju, embe mbichi, thomu na pilipili mbichi vitaziba pengo, na kwa nazi yetu hata mchuzi wenye chumvi kidogo haupooi.

Madafu yanasifiwa sana kwamba yanarudisha chumvi ya jasho. Kwa kweli madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na kwa mtu wa presha mpangilio huo ni mzuri. Dafu moja la mchana, ndizi, majimbi, mchicha, vyote vimsaidie, maana potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu. Sharti ni figo ziwe nzima. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia vidonge vya presha vya aina inayozuia potasiamu isitoke, asianze kunywa madafu kila siku kabla ya kumuuliza daktari. Na ORS muiweke kwa ajili ya kuharisha. Pakiti moja iliyotiwa kwenye lita moja ina sodiamu sawa na ile ya chumvi gramu 4 na zaidi kidogo, karibu kiwango cha siku nzima cha mtu wa kawaida. Nimewahi kuwaona vijana wa mpira wakinywa kama soda kabla ya mechi. Mchezo wa dakika 90 jioni, hata ukitoa lita moja na nusu ya jasho, umepoteza chumvi ambayo chakula cha usiku kitairudisha yote.

Yapo mambo mawili ambayo yataniweka roho juu, ndiyo maana nilikwambia usipike bila chumvi.

La kwanza ni maji kuzidi. Mtu anayetoka jasho sana, anayetumia kidonge cha kukojoza, kisha akaondoa chumvi yote ghafla na kunywa maji matupu bila kiasi, anaweza kuteremka sodiamu ya damu. Si hadithi: mwaka 2002 wakimbiaji wa marathoni ya Boston walipimwa damu mwishoni, na 13 kati ya kila 100 sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kawaida, na alama kubwa kwao ilikuwa kwamba walikuwa wameongezeka uzito wakati wa mbio, yaani wamekunywa kuliko walivyotoka jasho. Ile mizani ya magunia basi ina kazi ya pili. Akimaliza kazi akiwa mzito kuliko alivyoanza, anakunywa kupita kiasi. Akiwa amepungua zaidi ya kilo moja na nusu, anakunywa kidogo mno. Kikombe kila dakika 20 hivi, kwa kufuata kiu, na isizidi lita moja na robo kwa saa moja. Kichwa kikimuuma, akichefukwa, vidole vikamvimba na akawa anasema maneno yasiyoeleweka, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, na mtu asimzidishie maji.

La pili ni presha kushuka. Chupa zikiondoka na vidonge vikapata nafasi ya kufanya kazi, dozi ile ile inaweza kuwa kubwa kwake kwenye joto. Akisimama akaona giza, au akayumba na mzigo, akae chini, apimwe. Ikiwa chini ya 100 ile ya juu, arudi kliniki siku hiyo apunguziwe dawa. Asijitibu kwa kijiko cha chumvi, na vidonge asiviache mwenyewe.

Ile 164 kwa 100 nayo ipimwe upya vizuri. Kama alipita kliniki moja kwa moja kutoka bandarini, amepanda ngazi na kahawa imo tumboni, namba hiyo haina haki. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Ipimwe mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, muandike zote kwenye daftari. Fanyeni hivyo sasa kabla hamjabadilisha chungu, kisha rudieni baada ya wiki nne. Kwa watu wa presha waliopunguza chumvi gramu 4 au 5 kwa siku, namba ya juu hushuka kama 5 kwa wastani. Mumeo anaondoa 12 kwa chupa peke yake, kwa hiyo huenda akaona zaidi, lakini isitegemewe ishuke bila vidonge.

Ukienda kliniki chukua daftari lile, pakiti za dawa zote, na hesabu ya chupa. Ombeni apimwe damu ya figo, sodiamu na potasiamu, na mwelezeni daktari wazi kwamba huyu ni hamali, yuko juani kuanzia asubuhi, maana mtu akivaa kanzu safi kwenda kliniki, daktari anaweza akamwandikia dawa kama ya mtu wa dukani. Muulizeni pia saa ya kumeza kile kidonge cha kukojoza siku za mizigo mikubwa, na kama kingefaa kubadilishwa kwa cha aina nyingine.